Sera ya faragha, mawasiliano na anwani: je, vinathibitisha kwamba biashara ni ya kweli?

Ukimuuliza mtu namna ya kuitambua tovuti ya matapeli, mara nyingi atakwambia uteremke hadi chini kabisa ya ukurasa. Ukikuta sera ya faragha, mawasiliano na anwani ya mahali, basi lipa bila wasiwasi. Kasoro ya ushauri huu ni kwamba vyote vitatu vimeandikwa na yule yule unayemshuku.

Dhana: Sera ndefu ya faragha ni dalili ya kampuni iliyo makini.

Ukweli: Sera hupatikana kwa dakika chache. Majukwaa mengi ya kufungulia maduka mtandaoni humpa mwenye duka kiolezo, naye hujaza jina na baruapepe tu. Kwa hiyo urefu wake haukwambii kitu. Cha kutafuta ni huyo "sisi" anayezungumza humo ndani ni nani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajitambulishe na aseme anavyopatikana. Sera inayosema "sisi" mwanzo hadi mwisho bila kutaja jina la kampuni haijamtambulisha mtu yeyote.

Rafiki yangu aliwahi kunitumia tovuti ya kamera zilizopunguzwa bei kupita kiasi, akaniuliza kama anunue. Sera ilikuwepo, na ilikuwa ndefu kweli. Nilichukua sentensi moja ya katikati, ile isiyo ya kawaida sana, nikaiweka ndani ya alama za nukuu kwenye injini ya utafutaji. Ikatokea neno kwa neno kwenye maduka mengine kadhaa. Hilo peke yake si kosa, maana hata wauzaji waaminifu hutumia violezo. Lakini nilipoendelea kusoma, aya ya sita ilimtaka mteja aandikie duka la viatu lenye jina tofauti kabisa. Aliyenakili alibadilisha jina juu, akalisahau huku chini.

Dhana: Anwani ikionekana kwenye ramani, biashara iko pale.

Ukweli: Ramani inathibitisha kwamba jengo lipo, basi. Anwani ya duka lile la kamera ilikuwa sahihi, na picha ya mtaa ilionyesha jengo la ghorofa. Nilipoitafuta anwani yenyewe bila jina la duka, nikakuta ni ofisi inayokodisha anwani na kupokea barua za watu. Huduma hiyo ni halali, na wengi wanaofanyia kazi nyumbani huitumia. Ila haikwambii stoo iko wapi, wala mzigo ukiwa mbovu utaurudisha wapi. Ndiyo maana mimi huufungua ukurasa wa kurudisha bidhaa kabla ya ule wa mawasiliano: ukikuta marejesho yanapelekwa nchi nyingine ambayo haikutajwa popote, hapo kuna jambo.

Anwani huwa na uzito inapolingana na kitu ambacho mwenye tovuti hakukiandika kwenye kurasa zake. Katika nchi ambazo sajili ya kampuni iko wazi mtandaoni, tafuta jina na namba ya usajili, kisha linganisha na jina litakaloonekana kwenye malipo. Umri wa jina la tovuti nao unapatikana bure kwenye `lookup.icann.org`, kwa majina mengi kama yale ya `.com`. Duka lile lilijinadi kwamba linahudumia wateja tangu 2009, lakini jina lake lilikuwa limesajiliwa wiki tano tu zilizopita. Kinyume chake si uthibitisho: jina la zamani likiachwa na mwenyewe, mtu mwingine anaweza kulichukua na umri wake.

Dhana: Kuna namba ya simu na fomu, kwa hiyo wanapatikana.

Ukweli: Jaribu. Fomu inaweza kukujibu "asante, tumepokea" bila ujumbe kumfikia mtu.

Dhana: Isiyo na anwani ni ya matapeli.

Ukweli: Kukosekana kwa vitu hivi kuna uzito kuliko kuwepo kwake, hasa pale sheria inapovidai, lakini si hukumu. Fundi anayeshonea mikoba sebuleni kwake ana sababu nzuri ya kutotangaza mlango wa nyumba yake. Kwa mtu wa namna hiyo mimi huuliza swali ambalo jibu lake halipo kwenye tovuti: kamba ya mkoba ikiwa imefunguliwa yote ina urefu gani? Anayeushika mkoba huo mkononi ataupima, na pengine atakutumia na picha ya futi juu yake.