Kazi mbili, nafuu moja: deni la kodi linalomngoja mwenye mwajiri wa pili

Kila mwaka, msimu wa ritani ukifika, kuna wafanyakazi wa Kenya wanaofungua iTax wakitarajia kuona sufuri, kisha wanakuta wanadaiwa shilingi elfu hamsini na zaidi. Waajiri wao wote wawili walikata PAYE kila mwezi na kuiwasilisha. Hakuna aliyeiba wala aliyeficha chochote. Deni hilo linatokana na jinsi hesabu yenyewe inavyofanywa, na unaweza kulijua tangu mwezi wa kwanza wa kazi ya pili.

Tuanze na nafuu. Kila mkazi anayelipa kodi ana nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Kwenye hati ya mshahara huandikwa Personal Relief. Nafuu hii ni ya mtu, si ya kazi. Ukiwa na kazi tatu, bado una 2,400 moja tu kwa mwezi, na anayeitoa ni mwajiri mkuu. Mwajiri wa pili anapaswa kukukata kodi bila kuiondoa.

Mwajiri wa pili hawezi kujua kwamba yeye ni wa pili usipomwambia. Anapotayarisha ritani yake ya kila mwezi, ile P10 ambayo huwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kuna safu ya aina ya mfanyakazi yenye chaguo mbili: `Primary Employee` na `Secondary Employee`. Mhasibu asiyeambiwa kitu huchagua ya kwanza, na nafuu inatolewa mara mbili. Kwa hiyo siku ya kusaini mkataba wa kazi ya pili, andika barua fupi au baruapepe kwa idara ya wafanyakazi ukitaja kwamba tayari una mwajiri anayekupa nafuu, na ubaki na nakala.

Wengi wakishafanya hivyo huamini mambo yamekwisha. Bado, kwa sababu nafuu ni sehemu ndogo tu ya tofauti. Sehemu kubwa iko kwenye ngazi za kodi.

Tangu Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kuanzia hapo hadi 500,000 ni asilimia 30. Juu ya hapo zipo ngazi za asilimia 32.5 na 35. Sheria inakusudia upande ngazi hizi mara moja, kwa mapato yako yote yakiwa yamejumlishwa. Lakini kila mwajiri anaona mshahara wake mwenyewe tu, na kila mmoja huanza kuhesabu kutoka ngazi ya chini. Hivyo unaonja ile asilimia 10 mara mbili, na mwisho wa mwaka utaulizwa tofauti.

Chukua mwalimu ambaye kazi yake kuu inampa mshahara unaotozwa kodi wa shilingi 60,000 kwa mwezi, baada ya kuondoa NSSF, SHIF na ada ya nyumba. Jioni anafundisha chuo kingine kilichomwajiri kwa mkataba, na huko mshahara unaotozwa kodi ni 30,000.

Kwenye kazi kuu, kodi ni 12,783.35. Ukiondoa nafuu ya 2,400, anakatwa 10,383.35. Kwenye kazi ya pili, chuo kinatoza 2,400 kwa zile 24,000 za kwanza na 1,500 kwa 6,000 zilizobaki, jumla 3,900, bila nafuu. Kwa mwezi amekatwa 14,283.35, na waajiri wote wawili wamefanya kazi yao sawasawa.

Sasa jumlisha mishahara: 90,000. Kodi yake ni 21,783.35, na baada ya nafuu moja inabaki 19,383.35. Tofauti ni shilingi 5,100 kila mwezi, au 61,200 kwa mwaka mzima. Unaweza kuifikia kwa njia fupi pia. Kwa kuwa kazi kuu imeshapita 32,333, kila shilingi ya kazi ya pili ilistahili asilimia 30. Asilimia 30 ya 30,000 ni 9,000, na zilizokatwa ni 3,900.

Kama chuo kingempa nafuu kimakosa, deni lingepanda hadi 90,000 kwa mwaka.

Njia hiyo fupi inamfaa yeyote ambaye kazi yake kuu imevuka 32,333 na jumla ya mapato haijafika 500,000. Zidisha mshahara unaotozwa kodi wa kazi ya pili kwa 0.3, kisha uondoe PAYE iliyokatwa huko. Jibu ndilo deni lako la mwezi huo, na halizidi 5,216.65 ikiwa nafuu haikutolewa mara mbili. Weka kiasi hicho kando siku mshahara unapoingia, maana mwakani kitaitishwa chote kwa mkupuo.

Tarehe nazo huwakosesha watu. Ritani ina nafasi hadi 30 Juni, lakini kodi iliyobaki inapaswa kulipwa kufikia 30 Aprili. Anayengoja Juni ameshachelewa kulipa hata kama ritani yake imefika kwa wakati. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5 ya deni, na riba ni asilimia 1 kwa kila mwezi. Kwa mwalimu wetu hiyo ni 3,060 ya adhabu na 612 za riba kila mwezi.

Kwa hiyo dai fomu P9 kutoka kwa waajiri wote wawili mapema, ikiwezekana mwezi wa pili. Kwenye ritani, kila mwajiri huwekwa kwenye mstari wake kwa PIN yake, katika sehemu ya mapato ya ajira na tena katika sehemu ya PAYE iliyokatwa. Mfumo huweza kujaza baadhi ya taarifa wenyewe. Linganisha kila tarakimu na P9, kwa sababu mwajiri ambaye hakukuweka kwenye P10 hataonekana, na mapato yake bado unawajibika kuyatangaza. Nafuu binafsi ibaki 28,800, isiwe 57,600. Deni likishatokea, tengeneza hati ya malipo kwenye iTax ukichagua `Income Tax - Resident Individual` na `Self Assessment Tax`, upate namba ya PRN ya kulipia.

Angalia pia kama kazi hiyo ya pili ni ajira kweli. Wapo wanaolipwa kama washauri, na hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 badala ya PAYE. Malipo hayo hayaingii kwenye mistari ya ajira. Yanaingia kwenye mapato ya biashara, na ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu, hivyo pengo lake huweza kuwa kubwa kuliko la mwalimu wetu.

Na ukiacha kazi kuu katikati ya mwaka, mjulishe mwajiri aliyebaki kwa maandishi ili abadilishe aina yako kwenye P10 na kuanza kukupa nafuu. Ukikaa kimya kuanzia Septemba hadi Desemba, umekatwa 9,600 zaidi. Pesa hizo hazipotei, lakini utazipata tu kupitia ritani, ambako nafuu ya mwaka mzima huhesabiwa upya na kupunguza deni la miezi uliyokuwa na kazi mbili.