Tangazo moja, hatua moja

"Nikiweka namba ya simu, WhatsApp, Instagram na ramani ya duka, si kila mteja atachagua njia anayoipenda?"

Mara nyingi hachagui yoyote: anasema atarudi baadaye, na tangazo linapita. Weka bei palepale, kisha mwombe jambo moja tu, ukimpa na maneno ya kutuma: "Kitenge pea moja 25,000. Kuagiza, tuma neno KITENGE na rangi unayotaka." Hapo hana haja ya kutunga ujumbe. Kiungo kinachomfungulia WhatsApp neno likiwa tayari limeandikwa ni hiki:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=KITENGE
```

Namba ianze na 255, bila + wala 0 ya mwanzo; ukianza na 07, WhatsApp haitaitambua. Ramani mpe akishaagiza.