Je, wajua kwa nini tozo ya mafuta ya meli haifuati bei ya pampu?

“EWURA wameshusha bei ya mafuta, mbona BAF, yaani tozo ya mafuta ya meli, kwenye kotesheni ya kontena langu kutoka China imebaki palepale?”

Kwa sababu meli haijazi mafuta Ubungo. Bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi ni za petroli, dizeli na mafuta ya taa vituoni. Meli kubwa hujaza kwenye bandari kama Singapore na Fujairah, na nyingi huchoma mafuta mazito ambayo kituoni hayauzwi kabisa. Tena tangu tarehe 1 Januari 2020 salfa iliyomo haitakiwi kuzidi asilimia 0.5, isipokuwa meli iwe na mtambo wa kusafisha moshi. Mafuta hayo yana soko lake. Petroli ya Dar inaweza kushuka mwezi huohuo yanapopanda. Ndiyo maana kumshuku wakala kwa kushika bei ya pampu mkononi ni kumwonea. Yako mambo mengine ya kumbana nayo, tutayafikia.

BAF ni kama jenereta ya kukodi kwa ajili ya harusi. Mwenye nayo anakupa bei ya mashine, na dizeli inahesabiwa kando, maana hawezi kuahidi leo bei ya mafuta ya mwezi ujao. Ila hapimi kila lita uliyounguza wewe. Anajua kwa uzoefu usiku mmoja unakula kiasi gani, anazidisha kwa bei ya wastani, basi. Kampuni kadhaa za meli hufanya hivyohivyo: wastani wa bei ya mafuta kwa kipindi kilichopita, mara nyingi robo mwaka, unazidishwa kwa kiwango cha njia husika. Tuseme kiwango cha njia ya China hadi Dar ni tani 0.6 kwa kontena la futi 20 na wastani wa bei ni dola 600 kwa tani. BAF ni dola 360. Bei ikishuka leo hadi 500, wewe utaiona 300 robo ijayo. Ikipanda, nayo itachelewa vilevile, ingawa siku hizo hakuna anayelalamika.

Ndani ya kiwango hicho kuna jambo la ajabu kidogo. Meli huja Dar na makontena yaliyojaa, na mengi hurudi Asia matupu. Mafuta ya safari hiyo ya kurudi lazima alipe mtu, kwa hiyo kampuni zinazohesabu hivi huutwisha upande uliojaa sehemu kubwa zaidi ya gharama hiyo. Mfanyabiashara wa Kariakoo analipia pia kontena tupu linalorudi. Fomula si moja kwa kampuni zote, na nyingine hazionyeshi hesabu yake.

Sasa kotesheni mbili, kontena la futi 20 kutoka Ningbo, mzigo umenunuliwa kwa FOB, yaani muuzaji anaufikisha melini kule na nauli ya baharini ni yako. Namba ni za mfano. Ya kwanza imeandikwa O/F, yaani nauli ya baharini, dola 1,900, “inclusive of BAF/PSS”. Ya pili O/F 1,400, na chini kabisa kwa herufi ndogo: “BAF, PSS VATOS”. Wengi wanaikimbilia ya pili. VATOS maana yake ni kwamba tozo itakuwa ile itakayokuwepo siku ya kupakia, si ya siku uliyopewa karatasi. Ongeza BAF 360, na PSS, tozo ya msimu wa mizigo mingi, tuseme 250: jumla 2,010. Ya “bei rahisi” imezidi kwa dola 110. Na PSS haina fomula ya kueleweka kama BAF. Kampuni huitangaza mizigo inapofurika, kwa kawaida kabla ya mwaka mpya wa Kichina na miezi ya kuelekea Krismasi. Kiwanda kikichelewesha mzigo kwa wiki moja, unaweza kuangukia tozo ambayo haikuwepo ulipokubaliana. Muulize wakala ni tarehe gani inayohesabika, ya kuingiza kontena bandarini au ya meli kuondoka, kwa sababu kampuni zinatofautiana.

Kotesheni zote mbili zinaishia bandarini Dar. Kushusha na kuhudumia kontena hapa, pamoja na ada ya D/O, hati ya kuruhusu mzigo utolewe, ya wakala wa meli, ni gharama nyingine, na kununua kwa CIF, ambapo muuzaji hulipa nauli na bima hadi Dar, hakuziondoi zote, jambo linalowashangaza wengi mzigo ukishafika. Angalia kila mstari unatozwa kwa kipimo gani: kwa kontena, au kwa B/L, yaani hati ya shehena. Makontena matatu kwenye B/L moja yanalipa THC, tozo ya kuhudumia kontena bandarini, mara tatu, lakini ada ya hati mara moja. Na ukikuta THC ya Ningbo kwenye kotesheni ya FOB, irudishe kwa wakala: kwa kawaida hiyo ni ya muuzaji, na huenda ameshaiweka kwenye bei ya bidhaa.