Taswira ya majini si kivuli, wala si picha iliyopinduliwa

Juzi nimeletewa tena maoni juu ya picha yangu ya renda, yaani picha iliyochorwa na kompyuta, ya nyumba yenye bwawa mbele yake: "Kivuli cha jengo kwenye maji kimepinda. Chukua tu picha ya juu, ipindue, uibandike." Sentensi mbili, na kila moja ina kosa lake. La kwanza ni la lugha, la pili ni la jometri, ila nimekuja kuamini kwamba la pili huzaliwa na la kwanza.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Taswira ya majini ni kile unachokiona pale mwanga uliotoka kwenye jengo unapogonga uso wa maji na kurudi hadi machoni pako, pembe ya kuingia ikiwa sawa na pembe ya kutoka. Kitendo chenyewe ni kuakisi. Basi, hiyo ndiyo maana, na wengi tuliisoma shuleni.

Kivuli ni kitu kingine kabisa. Ni mahali ambapo mwanga haukufika kwa sababu kuna kitu kimeuziba. Ndiyo maana neno lenyewe ni ndugu wa mvuli na mwavuli. Kivuli hakijali umesimama wapi. Zunguka bwawa zima, kivuli cha paa kitabaki palepale hadi jua lisogee. Taswira nayo hukufuata: piga hatua mbili kushoto na nguzo uliyoiona majini imehamia juu ya tone jingine la maji. Tena maji safi hayapokei kivuli vizuri. Kivuli hupita kikaanguke kwenye sakafu ya bwawa, na hapo kilipoanguka ndipo taswira huonekana vizuri zaidi, kwa kuwa sakafu imekuwa nyeusi na haishindani nayo. Yaani kwenye bwawa hilohilo, kivuli na taswira vinaweza kukaa mahali pamoja na kimoja kikamsaidia mwenzake. Ukiviita jina moja utavitenganishaje? Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aliambiwa "apunguze kivuli kwenye bwawa", akalainisha jua la programu. Vivuli vyote vya ukutani vikafifia, bwawa likabaki vilevile.

Sasa neno "akisi". Limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni wa kugeuza, wa kinyume. Waarabu wanaposema "kinyume chake" hutumia neno la mzizi huohuo. Hapo ndipo watu wanapoteleza. Wanasikia "kinyume", wanaichukua picha na kuigeuza kichwa chini. Lakini maji hayageuzi picha uliyoiona wewe. Yanageuza mahali pa jicho. Ukiwa umesimama jicho likiwa mita 1.6 juu ya maji, taswira ni jengo kama lingeonekana na jicho lililo mita 1.6 chini ya usawa wa maji, kana kwamba bwawa na ardhi havipo. Ndiyo, picha hiyo ya chini hupinduliwa ndipo ikae majini, lakini ni picha nyingine. Mambo yaliyomo si yaleyale.

Tuchukue nyumba ya kisasa ya kawaida: ukuta wa kioo unaofika mita 6 juu ya maji, na bamba la zege la sakafu linalotokeza mita 2 juu ya bwawa, likiwa mita 1 kutoka kwenye maji, unene wake tuusahau. Bwawa linaanzia chini ya ukuta na lina urefu wa mita 12 kuja upande wetu. Kamera iko mita 8 kutoka ukingo wa karibu, kwa hiyo mita 20 kutoka ukutani, kwa kimo cha mita 1.6.

Kwa jicho la kawaida unaliona bamba kwa juu: vigae, miguu ya viti, zulia. Kwa jicho la chini ya maji unaona tumbo la bamba, zege tupu na labda taa iliyofichwa. Ukingo wa bamba unaziba pia karibu sentimita 29 za ukuta kuanzia usawa wa bamba kwenda juu, kwa hiyo sehemu kubwa ya miguu ya viti vilivyoegemea kioo haimo majini. Aliyepindua picha ya juu ameweka vigae ndani ya maji. Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, ila atasema picha "ina kitu".

La pili katika mfano huohuo ni kiasi cha jengo kinachoonekana. Mstari unaotoka kwenye kamera na kugonga maji pale ukingoni, mita 8 mbele, hurudi ukapanda kwa mwinamo uleule, na baada ya mita 12 umefika kimo cha mita 12 × 1.6 ÷ 8, yaani 2.4 tu. Juu ya hapo hakuna maji ya kuakisi, kuna nyasi. Paa la mita 6 haliwezi kuonekana kwenye bwawa hili kutoka hapa, na ukilionyesha umedanganya. Ukilitaka, sogeza kamera mbele hadi ibaki mita 3.2 kutoka ukingoni. 12 × 1.6 ÷ 3.2 ni 6 kamili. Watu wengi hushusha kamera wakidhani taswira itakua. Kwenye bwawa lenye ukingo kama huu hupungua. Kinachokua ni ung'avu wake.

Na ung'avu nao una kanuni, ambayo picha iliyopinduliwa haiijui. Maji unayoyatazama moja kwa moja kutoka juu huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga. Kamera ikiwa mita 3.2 kutoka ukingoni, maji ya karibu yanaakisi kama asilimia 8, na yale ya mbali chini ya ukuta zaidi ya nusu. Kwa hiyo sehemu ya chini ya jengo hukaa wazi mbali kule, na paa hufifia likija upande wako huku sakafu ya bwawa ikijitokeza. Programu ya kurenda hulifanya hili yenyewe ukiipa `IOR`, kipimo cha jinsi maji yanavyopinda mwanga, ya 1.333 na `Roughness`, ukwaru wa uso, ya 0, mradi usijaze bwawa kioo cha kujiangalia. Ukitaka paa lisimame wazi hata karibu, tia giza sakafu ya bwawa. Kulazimisha maji yaakisi kupita uwezo wake hakufai.

Ukitaka kuona jicho la chini likifanya kazi, tazama picha za banda la Ujerumani la Barcelona, alilobuni Ludwig Mies van der Rohe pamoja na Lilly Reich kwa maonyesho ya 1929, likajengwa upya na kumalizika 1986. Kwenye bwawa dogo imesimama sanamu ya mwanamke iliyochongwa na Georg Kolbe, mikono imeinuliwa. Sanamu yenyewe na taswira yake hazilingani hata ukizipanga: majini unamwona kwa kutokea chini zaidi, kidevu na upande wa chini wa mikono.

Njia za haraka za kurenda papo kwa papo zina kosa lilelile la kupindua, ila limefichwa. Ile inayoitwa `Screen Space Reflections` huokota rangi kutoka kwenye picha iliyokwisha chorwa. Tumbo la bamba halimo kwenye picha hiyo, kwa hiyo haina pa kulipata. Hubahatisha au huacha doa. Kwenye programu ya Unreal, `Planar Reflection` huchora mandhari mara ya pili kutoka kwenye kamera iliyogeuzwa chini ya maji. Ni nzito, lakini ndiyo akisi kwa maana yake halisi. Kuzijua ni rahisi: tafuta kitu kinachotokeza chini ya kimo cha jicho, kisha uangalie majini. Ukiona juu yake, umedanganywa.

Nikiri kwamba mlalamikaji wangu alikuwa na haki katika neno moja: "kimepinda". Maji ya kweli hupindisha, lakini kwa mpangilio. Uso wa maji ukiinama nyuzi 1, mwanga unaorudi hugeuka nyuzi 2. Katikati ya bwawa letu, mita 6 kutoka ukutani, hizo ni kama sentimita 21 juu au chini. Kiwimbi hichohicho kikiinama kwa upande, kwa kuwa tunayatazama maji kwa mshazari mkali, husogeza taswira chini ya sentimita 4. Ndiyo maana kwenye bwawa lenye upepo kidogo nguzo hurefuka na kukatikakatika lakini hubaki wima, na mistari ya mlalo ndiyo inayosambaratika. Weka viwimbi vidogo mno kwenye `Bump`. Nyuzi 1 tayari ni nyingi kwa bwawa tulivu.

Nguzo zangu hazikuwa hivyo. Zilikuwa zimejikunja kwa pamoja kuelekea kingo, kama sura iliyoonekana kwenye mgongo wa kijiko, na viwimbi nilikuwa nimevizima. Nilihangaika nusu siku. Maji niliyachora kama sanduku, nikabonyeza `Shade Smooth` kwa mazoea. Programu ikalainisha kona kati ya uso wa juu na ubavu, hivyo uso uliokuwa bapa ukaanza kuakisi kana kwamba umebinuka pembeni. Dalili yake ni hiyo: mpindo hauna chembechembe za viwimbi, na huzidi kadiri unavyokaribia ukingo. Dawa ni `Shade Flat`.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, kivuli cha jengo kiko sawa, kipo kwenye sakafu ya bwawa chini ya bamba, na sikukigusa. Taswira ndiyo iliyokuwa imepinda, na nimeinyoosha. Kuipindua picha ya juu nimekataa, na ukiangalia toleo jipya utaona tumbo la bamba majini pamoja na taa iliyofichwa humo.