Kabla hujaanzisha darasa la Kizaramo, hesabu nyumba

Watu wanaotaka kuokoa Kizaramo huanza karibu kila mara na darasa la watoto Jumamosi na kijitabu cha salamu. Sina ugomvi na kijitabu. Shida ni kwamba darasa hilo limepangwa kabla ya kujulikana kamba ilikatikia wapi, maana lugha haifi kwa wote mara moja. Hufa pale kizazi fulani kilipoacha kuwasemesha watoto wake, na kazi yote ya kupima uhai wa lugha ni kutafuta umri wa kizazi hicho.

Serikali haitakupa takwimu. Baada ya ile ya 1967, sensa zetu haziulizi kabila, kwa hiyo hesabu utaifanya mwenyewe, mtaa kwa mtaa. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mjumbe wa shina, kisha ingia nyumba kwa nyumba. Kama uko Chanika, Pugu au Mbagala, usichague nyumba "zinazojulikana kuwa za Wazaramo" peke yake. Ukifanya hivyo utarudi na picha nzuri kuliko hali ilivyo.

Swali baya kuliko yote ni "Unaongea Kizaramo?" Mtu anasikia "Wewe ni Mzaramo?" na anajibu ndiyo, tena kwa fahari. Uliza lugha ilivyotumika: mama yako alikusemesha kwa lugha gani ulipokuwa mdogo? Jana ulimkemea mtoto kwa lugha gani? Ukipiga simu kijijini, unaanza vipi na unamalizia kwa lugha gani? Muulize kila mtu peke yake. Baba mwenye nyumba akijibu kwa niaba ya wote, idadi itapanda. Kijana akiulizwa mbele ya bibi yake atakana hata anachokijua, kwa kuogopa kuchekwa.

Hapo umepata maneno ya watu kuhusu wenyewe, bado hujapima uwezo. Kupima Kizaramo kuna mtego ambao Kihadza au Kisandawe havina: Kizaramo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mtu mzima wa Dar es Salaam asiyejua Kizaramo kabisa anaweza kukisia sehemu ya mazungumzo, na mwingine anaweza kukupa Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani ukadhani ameongea. Kwa hiyo usitumie orodha ya maneno iliyoandaliwa kwingine. Wakalishe wazee wanne au watano wanaotoka sehemu tofauti za Uzaramo, muanze na picha 60 hivi, mfute kila neno linalofanana na la Kiswahili na kila neno ambalo wazee wenyewe hawakubaliani. Mkibaki na 30, mmepata kipimo. Ongeza hadithi ya dakika mbili iliyorekodiwa na mzee, yenye maswali matano ya kupima uelewa, kisha mwombe mtu asimulie kwa dakika moja picha tatu zinazofuatana. Nyimbo usizihesabu. Anayejua nyimbo zote za mkole, sherehe ya mwali, anaweza asiweze kuomba chumvi.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone hesabu zinavyosema. Kaya 40, watu 190. Wenye miaka 60 na zaidi ni 22: wote wanasema wanaongea, na 19 wamefaulu kipimo. Wa miaka 40 hadi 59 ni 41: 33 wanasema wanaongea, waliofaulu 14. Wa miaka 20 hadi 39 ni 62: wanaodai ni 20, waliofaulu 3, lakini wengine 17 wameelewa hadithi vizuri ingawa hawawezi kusimulia. Chini ya miaka 20 wapo 65: wanne wanadai, hakuna aliyefaulu, na tisa wameelewa.

Kwa madai ya watu, wazungumzaji ni 79, yaani wawili kati ya kila watano. Kwa kipimo ni 36, wala hawafiki mmoja kati ya watano. Ila tofauti hiyo siyo habari kubwa. Habari kubwa ni kushuka kutoka 14 hadi 3: hapo ndipo kamba ilipokatika, na waliofuata wamebaki na masikio bila ulimi. Kwenye ngazi iliyopanuliwa ya mwanaisimu Fishman, inayopanga lugha kwa uhai wake, hali hii ni 8a, ambapo wanaoitumia lugha kwa kweli ni rika la mababu. Kwa kigezo cha urithishaji katika mwongozo wa UNESCO wa 2003, alama ni 2 kati ya 5. Mwongozo huo una vigezo tisa, na watu hupenda kuvijumlisha wapate alama moja ya kupeleka kwa mfadhili. Usijumlishe. Lugha yenye kamusi nzuri na mtoto sifuri itaonekana salama kiasi kuliko ilivyo.

Sasa mpango. Kiota cha lugha, mfano wa Kōhanga Reo walioanzisha Wamaori wa New Zealand mwaka 1982, kinahitaji watu wazima wa kukaa na watoto kutwa bila kugeukia lugha nyingine. Hapa wenye umri wa kulea wanaoweza ni watatu, na wazee hawawezi kubeba mzigo huo siku tano kwa wiki. Darasa la Jumamosi nalo linafundisha rangi na namba kwa mtoto atakayerudi nyumbani kwenye Kiswahili. Mimi ningeanza na wale 17 wa miaka 20 hadi 39 walioelewa hadithi bila kuweza kusimulia. Lugha imo kichwani, na baadhi yao wana watoto wadogo au wanawatarajia.

Njia inayowafaa ni ya mzee na mwanafunzi, iliyobuniwa California mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa lugha zilizobaki na wazee wachache. Wawili wanakaa pamoja saa 10 hadi 20 kwa wiki, kwa miaka kadhaa, wakifanya kazi za kawaida kwa lugha ya mzee tu. Chagua jozi sita, si kumi na saba. Kila jozi iwe ya nyumba moja au ya jirani, kwa sababu mpango unaomtaka mtu atoke Mbagala kwenda Chanika mara nne kwa wiki utakufa kwa nauli na foleni. Mzee apewe posho, kwani hiyo ni kazi.

Jozi nyingi huharibika kwa namna moja: mzee anaanza *kueleza* Kizaramo kwa Kiswahili, na kikao kinageuka mahojiano. Mwanafunzi kujibu kwa Kiswahili mwanzoni si tatizo, akiendelea kusikia. Mzee akigeuka ndiyo hatari. Rekodi dakika kumi kila wiki mbili, hesabu sentensi za mzee; za Kiswahili zikizidi robo, waondoeni kwenye viti muwapeleke jikoni au shambani. Mikono ikiwa na kazi, nazi ya kukuna au mihogo ya kumenya, maneno yanaonyeshwa bila kutafsiriwa. La pili ni kicheko. Wenye masikio bila ulimi wengi walinyamaza baada ya kuchekwa kwa kukosea, na mzee anayesahihisha kila silabi anaurudisha ukimya uleule. Akubali sentensi mbovu, airudie vizuri, mazungumzo yaendelee.

Baada ya mwaka, wapimeni wanafunzi sita kwa picha zilezile 30 na usimulizi uleule. Kiota kianze watakapopatikana wanne wanaoweza kukaa nusu siku na watoto bila kuponyokea Kiswahili, na wawili kati yao wawe na watoto wao wenyewe humo ndani.