Mizani ya mwaka: lini uuze, lini uache

Tarehe ya kusawazisha uwekezaji kila mwaka, yaani kuurudisha kwenye asilimia ulizozipanga, ni tarehe ya kupima tu. Wengi huichukulia kama tarehe ya kuuza na kununua, ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu kila Julai wanampigia dalali simu hata kama mgawanyo wao umesogea pointi mbili tu za asilimia. Kupima hakugharimu kitu. Kinachogharimu ni muamala, na muamala lazima uwe na sababu iliyoandikwa kabla bei hazijabadilika.

Nitatumia kapu ambalo Watanzania wengi wanalo kwa sura moja au nyingine: hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), hatifungani za serikali, na vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Mgawanyo uliopangwa ni hisa asilimia 40, hatifungani 45, ukwasi 15. Jumla ni shilingi milioni 40, yaani hisa milioni 16, hatifungani milioni 18, ukwasi milioni 6. Fedha ya dharura haimo humu. Ukiichanganya na ukwasi wa uwekezaji, kila mwaka utaona "ziada" ambayo kumbe ni ada ya shule ya Januari.

Kuhusu tarehe, napendelea wiki ya kwanza ya Julai. Mikutano mikuu ya benki kubwa zilizoorodheshwa DSE hufanyika karibu na Mei na magawio yake hufuata, hivyo ifikapo Julai sehemu kubwa ya gawio la mwaka imeshaingia. Mabadiliko ya kodi yanayotokana na bajeti nayo huanza tarehe 1 Julai. Ukipima Desemba hakuna kinachoharibika, ila gawio la mwaka unaofuata litakuja miezi michache baadaye na kuyasogeza tena mahesabu uliyokwisha kuyapanga.

Sasa wigo, yaani kiasi ambacho kila fungu linaruhusiwa kuyumba bila kuguswa. Kanuni inayotajwa sana ni ile ya 5/25: chukua hatua fungu likitoka kwenye lengo kwa pointi 5, au kwa robo ya lengo lake, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa hisa, robo ya 40 ni pointi 10, kwa hiyo pointi 5 ndizo zinazotawala na wigo unakuwa 35 hadi 45. Kwa hatifungani ni 40 hadi 50. Kwa ukwasi, robo ya 15 ni 3.75, ndogo kuliko 5, basi wigo ni 11.25 hadi 18.75. Robo ina faida kwa mafungu madogo, maana fungu la asilimia 8 likipanda hadi 12.5 limeongezeka kwa zaidi ya nusu ya ukubwa wake, ilhali kipimo cha pointi 5 peke yake kisingeligundua.

Kanuni hii imezoeleka zaidi Marekani, ambako kununua na kuuza hisa ni karibu bure na kinachomzuia mtu ni kodi ya faida. Kwetu breki imekaa upande wa pili. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa DSE haitozwi kodi kwa mwekezaji mdogo mkazi, lakini kamisheni ya dalali, ada za soko, za mamlaka ya usimamizi na za uhifadhi, pamoja na VAT, zikijumlishwa hupita asilimia 2 kwa muamala mdogo. Ukiuza hisa moja kununua nyingine unalipa mara mbili. Ndiyo maana siipunguzi 5/25 kuwa 3/15 kama wanavyopenda wasomi wa masoko ya bei rahisi. Wigo mwembamba kwenye soko la gharama kubwa unamnufaisha dalali.

Tuone mwaka mmoja umefanya nini kwenye kapu letu. Hisa zimepanda asilimia 35 na kufika milioni 21.6. Hatifungani ni za miaka 20 zenye kuponi, yaani riba inayolipwa kila miezi sita, ya asilimia 12.10 kwa mwaka; bei yake sokoni iko karibu na 100 kwa kila 100 ya cheti, kwa hiyo zimebaki milioni 18. Kuponi mbili za mwaka, jumla milioni 2.178, zimepelekwa Mfuko wa Ukwasi. Ukwasi wenyewe tuchukulie umekua kwa asilimia 11, hivyo pamoja na kuponi na faida kidogo ya kuponi hizo umefika kama milioni 8.9. Jumla mpya ni milioni 48.5. Hisa ni asilimia 44.5, hatifungani 37.1, ukwasi 18.4.

Mtu akiitazama orodha hii haraka atasema hisa zimepanda sana, tuuze. Angalia tena. Hisa ziko ndani ya wigo wake, ingawa ukingoni. Ukwasi nao uko ndani. Fungu pekee lililotoka ni hatifungani, na halikutoka kwa sababu ya hisa peke yake. Limetoka pia kwa sababu kuponi zake zinahamia fungu jingine kila miezi sita. Hatifungani hazijilimbikizi zenyewe kama vipande vya mfuko. Usiporudisha kuponi zitapungua uzito kila mwaka hata soko la hisa likilala usingizi.

Dawa basi inaanza na fedha ambayo haina gharama ya kuisogeza. Lengo la ukwasi kwenye milioni 48.5 ni karibu milioni 7.3, kwa hiyo kuna ziada ya milioni 1.6. Mfuko wa Ukwasi hautozi ada ya kuingia wala kutoka. Hatifungani ya serikali hununuliwa kuanzia shilingi milioni 1 na kuendelea kwa nyongeza za laki moja, hivyo milioni 1.6 inaingia bila kubakisha chenji. Subiri tangazo la mnada wa Benki Kuu, kisha omba kuuza vipande siku kadhaa za kazi kabla ya siku ya malipo, kwa kuwa fedha haifiki akaunti yako siku ileile. Kosa la kawaida ni kuomba asubuhi ya mnada, zabuni ikakubaliwa na fedha haipo.

Baada ya hapo hatifungani ni milioni 19.6, asilimia 40.4. Zimerudi ndani, kwa kubana. Hisa bado ni 44.5. Je, tuuze za milioni 2.2 ili kila kitu kikae sawasawa kwenye lengo? Hapa nasema hapana. Gharama inapokuwa asilimia ya kiasi unachouza, kila shilingi unayoisogeza inalipiwa, kwa hiyo inatosha kurudi ndani ya mpaka bila kufika katikati. Kurudi hadi kwenye lengo kuna maana pale ada inapokuwa ileile bila kujali kiasi. Kuuza milioni 2.2 kungegharimu kama shilingi elfu 50 upande wa kuuza tu.

Kazi iliyobaki inafanywa na akiba mpya. Tuseme mwenye kapu anaweka laki 3 kwa mwezi. Aache kuigawanya 40/45/15 kama alivyozoea, aielekeze yote kwenye hatifungani, akiikusanya mpaka itimie kiwango cha mnada. Katika miezi minane ni milioni 2.4. Bei zikibaki zilipo, kapu linakuwa milioni 50.9: hisa 42.4, hatifungani 43.2, ukwasi 14.3. Hakuna hisa iliyouzwa. Njia hii hufaulu pale akiba ya mwaka inapokuwa kubwa ukilinganisha na pengo. Kapu likifika milioni 400 huku akiba ikiwa ileile, laki 3 haziwezi tena kulivuta, na hapo kuuza hakuepukiki.

Kabla ya kuamini asilimia zozote, kagua bei zilizozitengeneza. Hapa ndipo soko letu linapotofautiana na vitabu. Hisa nyingi za DSE hazifanyiwi biashara kila siku, na bei unayoiona ni ya muamala wa mwisho, pengine wa hisa mia moja wiki tatu zilizopita. Hata kampuni kubwa haziepuki: mwaka 2020 hisa ya NMB ilikaa kwenye shilingi 2,340 kwa miezi mingi. Bei iliyoganda huficha kuyumba, na bei iliyorushwa na muamala mdogo huzua kuyumba kusikokuwepo. Fungua ripoti za soko za mwezi mzima, utazame idadi ya hisa zilizouzwa. Ikiwa kiasi unachotaka kuuza kinazidi biashara ya wiki nzima, tumia bei ya mnunuzi aliyepo sasa, wala si bei ya mwisho, kisha upige hesabu upya. Mara nyingi asilimia 46 inageuka 44 na hoja ya kuuza inakufa papo hapo.

Hatifungani za zamani zina mtego wake. Zile za miaka 20 zilizotolewa kabla ya Aprili 2022 zina kuponi ya asilimia 15.49, na sokoni zina thamani kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye cheti. Iliyobakiza miaka 16, riba ya soko ikiwa asilimia 12, thamani yake hupatikana hivi kwenye lahajedwali:

```
=PRICE(DATE(2025,1,15),DATE(2041,1,15),15.49%,12%,100,2)
```

Jibu ni 124.58. Hatifungani ya milioni 18 kwenye cheti ina thamani ya milioni 22.4. Ukiiandika 18 huku hisa na vipande umeviandika kwa bei ya soko, unapima kwa mizani mbili, na utaambiwa ununue hatifungani ambazo tayari unazo za kutosha. Hata anayekusudia kuishika mpaka iive nashauri aandike bei ya soko, akitumia riba ya mnada wa karibuni wa muda unaolingana. Ajue tu kwamba ile 24.58 ya juu itayeyuka taratibu hadi 100 siku ya kuiva, kwa hiyo uzito wa fungu utashuka kidogo kila mwaka hata asipofanya lolote.

Wigo huu ni wa mafungu. Hisa ya kampuni moja ikishuka nusu, usiinunue kwa sababu tu jedwali limeonyesha pengo. Soma kwanza hesabu za kampuni. Ikiwa tatizo ni la kampuni yenyewe, badilisha lengo lake au iondoe, halafu pengo la hisa lijazwe na kampuni nyingine.

Na kati ya Julai moja na nyingine? Naacha kengele moja tu, fungu lolote likitoka pointi 10 kwenye lengo. Hapo pima upya siku hiyohiyo kwa bei za wanunuzi waliopo, na kama pointi 10 bado zipo, uza kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu hadi urudi ndani ya wigo. Kengele isipolia, dalali asubiri Julai.