Dividendi yildi ni nini, na kwa nini ikiwa juu sana ujiulize mara mbili

Watu wengi hapa Mombasa wakianza kununua hisa, awe ni mtu peke yake ama chama, kitu cha kwanza wafanyacho ni kutafuta ile orodha ya kampuni za soko la hisa la Nairobi zilizopangwa kwa dividendi yildi, yenye kubwa juu yenye ndogo chini, halafu macho yaenda moja kwa moja kwa ile ya juu kabisa. Asilimia 16, asilimia 18, mtu aona benki yampa 8 ama 9 kwa fiksidi, asema basi mbona nisiweke huku. Nawaelewa, lakini ile namba yafaa uijue imetoka wapi kwanza, manake ile ya juu kabisa kwenye orodha mara nyingi ndiyo ya kuogopwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wachukua gawio, yaani hiyo dividendi, ambalo kampuni imelipa kwa hisa moja ndani ya mwaka, waligawanya kwa bei ya hisa moja leo, wazidisha kwa mia. Hisa inauzwa shilingi 40, gawio la mwaka ni shilingi 3.20, hiyo ni asilimia 8. Imeisha hapo, hakuna siri nyingine.

Sasa angalia vizuri hizo namba mbili, manake haziishi wakati mmoja. Gawio ni la nyuma, lilitangazwa na bodi kutokana na faida ya mwaka uliopita, limeshalipwa na limeshaliwa. Bei ni ya leo, tena ni ya leo saa hii, na ndani yake kuna mawazo ya watu wote wanaonunua na kuuza kuhusu mwaka ujao na miaka ya mbele. Kwa hivyo yildi yaweza kupanda kwa njia mbili tofauti kabisa, ama kampuni imeongeza gawio, na hiyo ni habari njema, ama bei imeporomoka na gawio la zamani bado limekaa pale kwenye hesabu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kwenye skrini njia zote mbili zaonekana sawa, namba imepanda basi. Na zile yildi kubwa sana, za kushangaza, mara nyingi zimetoka kwa hii njia ya pili.

Fikiria nyumba ya kupangisha kule Kisauni, yaingiza kodi ya 160,000 kwa mwaka na bei yake siku zote ni milioni 2. Hiyo ni asilimia 8. Asubuhi moja mwenyewe akwambia aiuza milioni moja, kodi ni ile ile, kwa hesabu yako sasa ni asilimia 16. Mtu wa Mombasa hawezi kuingia mfukoni hapo hapo, atauliza kwanza hii nyumba iko kwenye ardhi ya nani, manake huku twajua mambo ya nyumba bila ardhi, waweza kumiliki kuta na mabati na mwenye shamba akaja na barua yake. Kodi ya mwaka jana ni kweli ililipwa lakini mwenye kuuza ajua jambo kuhusu kodi ya mwaka kesho. Kwenye hisa bei ikianguka nusu ni vivyo hivyo, kuna watu wanauza kwa haraka, na kazi yako ni kutafuta wameona nini.

Tuichukue ile hisa ya shilingi 40 tuifuate mpaka mwisho, kampuni yenyewe ni ya mfano tu. Mwaka jana ilipata faida ya shilingi 5 kwa kila hisa, ikalipa gawio 3.20, ikabaki na 1.80 ya kununua mashine na kulipa madeni. Yaani imegawa asilimia 64 ya faida yake, hiyo ni sawa, ina nafasi ya kupumua. Halafu yatoka matokeo ya nusu mwaka na faida imeanguka, miezi sita imeleta senti 80 tu kwa hisa. Ikienda hivyo mwaka mzima itakuwa 1.60. Wenye hisa wakubwa wameisoma ile ripoti siku ile ile, wameanza kuuza, bei imeteremka mpaka 18. Sasa fungua ile orodha yako, 3.20 gawanya kwa 18, karibu asilimia 18, na hiyo kampuni imeruka mpaka juu kabisa.

Lakini jiulize hiyo 3.20 itatoka wapi. Faida ni 1.60, gawio ni 3.20, yaani kampuni italazimika kugawa mara mbili ya inachopata, na pesa hizo ni aidha ikope ama itoe kwenye akiba. Mwaka mmoja yawezekana kama akiba ipo, miaka miwili mitatu hapana. Bodi ikikaa chini itasema tugawe nusu ya faida, senti 80. Wewe ulinunua hisa 1,000 kwa 18,000 ukitarajia 3,200, wapata 800, na kodi ya gawio ya asilimia 5 kwa sisi wakaazi imekatwa kabla haijakufikia, kwa hivyo mkononi 760. Yildi yako ya kweli ni kama asilimia 4. Na siku gawio linakatwa wale walioishikilia hisa kwa ajili ya gawio nao watoka, bei yaenda 13, kwa hivyo juu ya kukosa gawio umepoteza shilingi 5,000 ya mtaji kwenye karatasi. Hii ndiyo watu wa soko wanaita mtego wa yildi, na ubaya wake ni kwamba ile asilimia 18 haikuwa uongo, ilikuwa hesabu sahihi ya gawio ambalo halikuwa linarudi tena.

Haya si mambo ya kampuni ndogo pekee. Vodafone ya Uingereza, ambayo kupitia Vodacom ina mkono wake ndani ya Safaricom yetu, ilikuwa kwa miaka mingi moja ya hisa ambazo wazee kule walinunua wakitegemea gawio. Kufikia mwanzo wa 2019 bei ilikuwa imeshuka sana na yildi imefika asilimia 9 na zaidi, kampuni ina madeni makubwa, ina masafa ya 5G ya kununua, na ilikuwa inakamilisha ununuzi wa biashara za Liberty Global huko Ulaya. Soko lilikuwa linasema waziwazi kupitia bei kwamba haliamini gawio lile litadumu. Mwezi Mei 2019 likakatwa, kutoka karibu senti 15 za yuro kwa hisa mpaka senti 9. Wengine wakasema basi sasa limefika chini, hizi 9 ni salama. Bei ikaendelea kushuka, yildi ikapanda tena mpaka ikapita asilimia 10, na Machi 2024 wakatangaza kulikata tena nusu, kutoka senti 9 mpaka senti 4.5. Kampuni ile ile, mara mbili ndani ya miaka mitano, na mara zote mbili yildi ilikuwa kubwa kabla ya kukatwa, siyo baada.

Kuna njia nyingine ya kudanganyika ambayo haina ugonjwa wowote ndani yake, na hii twaweza kuitazama hapa hapa kwetu. Bamburi, ile kampuni ya simiti ambayo kiwanda chake kila mtu anayepita barabara ya Malindi akijua, iliuza hisa zake za kampuni ya Hima kule Uganda na 2024 ikawapa wenye hisa gawio maalum la shilingi 18.25. Mwaka huo huo Amsons kutoka Tanzania walitoa ofa ya kuinunua kampuni nzima kwa shilingi 65 kwa hisa. Ukipiga hesabu kwa kichwa tu, 18.25 kwa 65 ni asilimia 28! Lakini Hima imeuzwa mara moja, haiwezi kuuzwa tena mwaka kesho, kwa hivyo gawio lile lilikuwa ni pesa ya mali iliyouzwa na halina uhusiano na faida ya kila mwaka. Programu nyingi hazitenganishi gawio maalum na la kawaida, zajumlisha tu, kwa hivyo ukiona yildi ya ajabu nenda kwenye tangazo la kampuni lenyewe usome kama limeandikwa maalum.

Pia sitaki mtu atoke hapa akidhani yildi kubwa ni ugonjwa siku zote, hapana. BAT Kenya ilitangaza shilingi 57 kwa mwaka 2022, halafu 50 kwa 2023 na 50 tena kwa 2024, na kwa bei za wakati ule yildi ilikuwa juu ya asilimia 10 na pesa zikalipwa kweli. Sababu yake yaeleweka, watu hawataki kulipa bei kubwa kwa biashara ya sigara ambayo hawajui itakuwa wapi miaka kumi ijayo, na kampuni yenyewe haina mengi ya kujenga kwa hivyo yagawa karibu faida yote. Tena kuna wakati soko zima lashuka pamoja. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18 na haina kodi, sasa nani atashika hisa ya asilimia 7 wakati ule? Bei zikiwa chini kila mahali, yildi zote zapanda bila kampuni yoyote kuwa na tatizo lake. Kwa hivyo usilinganishe na benki peke yake, linganisha na kampuni za kazi moja, kama benki nne zina yildi ya 9 mpaka 11 na ya tano ina 19, ile ya tano ndiyo ina la kueleza.

Kulitafuta hilo la kueleza hakuhitaji digrii. Chukua ripoti ya mwaka ama ya nusu mwaka, iko bure kwenye tovuti ya kampuni, tafuta faida kwa kila hisa na uilinganishe na gawio, gawio likipita faida basi ujue halina pa kusimama, na likikaribia sana tafuta kama kuna sababu inayoeleweka kama ile ya BAT. Halafu fungua ukurasa wa mtiririko wa pesa, manake faida yaweza kuwa ya kwenye vitabu tu, wateja wamechukua mali na hawajalipa, na gawio halilipwi kwa vitabu, lalipwa kwa pesa. Toa pesa zilizotumika kununua mashine na majengo kutoka kwa pesa za biashara, kinachobaki ndicho kinaweza kugawiwa, na kama ni kidogo kuliko gawio lililolipwa angalia mstari wa mikopo kama umepanda mwaka huo huo. Ukiona umepanda, kampuni imekopa ili ikulipe wewe. Na mwisho andika magawio ya miaka mitano kwa mstari mmoja, shilingi ngapi kila mwaka, achana na asilimia kabisa. Kama shilingi zinashuka kila mwaka huku asilimia inapanda, basi kinachoipandisha ni bei inayoanguka.